Mirambo alizaliwa akiitwa nani? Hatua za kupata jina la kwanza la mtawala

Karibuni watazamaji. Hapa mnaona kibao cha Mtaa wa Mirambo, jirani na Benki Kuu, Dar es Salaam. Jina hilo mtemi huyu wa Wanyamwezi alilipata ukubwani. Leo tunatafuta lile alilopewa utotoni.

Anza kwa kupima jina ulilonalo. Kama waliomtangulia na waliomfuata walilibeba pia, hicho ni cheo: mtemi kwa Wanyamwezi, mtwa kwa Wahehe. Kama lina maana ya kusifu au kutisha, ni jina la vita. Mirambo huelezwa kuwa ni maiti, kwa hiyo hatujafika bado.

Pili, shika vitu viwili visivyobadilika kumhusu: mahali na mwaka. Kwake ni Urambo, na kifo cha Desemba 1884. Maandishi yasiyokubaliana na hivyo yaweke kando. Kwa Mkwawa, mtwa wa Wahehe, hatua hii ni ya lazima kabisa, maana jina lake limekuwa la ukoo. Ukitafuta ovyo utaletewa habari za mjukuu wake, Spika Adam Sapi Mkwawa.

Sasa tafuta kwa tahajia zaidi ya moja. Wageni waliandika walivyosikia. Sauti ileile mmoja aliiandika kwa r, mwingine kwa l. Andika hivi:

```
"Mirambo" OR "Milambo" Kasanda
```

Mtapata Mtyela Kasanda, na kwingine Mbula Mtelya. Tulieni hapa, ndipo wengi wanapokosea. Tazameni herufi kwa karibu: Mtyela na Mtelya zina herufi zilezile, ila y imehama tu kutoka kabla ya e hadi baada ya l. Hilo ni jina moja lililoandikwa namna mbili. Kasanda je? Ni baba yake, mtemi wa Uyowa. Ukiandika kwamba Mirambo aliitwa Kasanda, umemwita kwa jina la mzazi wake.

Tovuti 10 zenye sentensi ileile ni shahidi mmoja, kwa sababu zimenakiliana. Chora safu tatu kwenye daftari: nani ameandika, mwaka gani, na alisikia kwa nani. Wanaopewa uzito ni waliomwona: Stanley alikutana naye 1876, na mmisionari Southon aliishi Urambo tangu 1879. Vitabu vya wanahistoria vitafute Maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani, kwenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na usome tanbihi, kwani humo ndimo mwandishi anapotaja jina kalitoa wapi.

Mbula msilifute. Limo kwenye baadhi ya maandishi, kwa hiyo linabaki, likitenganishwa na mengine. Mstari wa mwisho daftarini uwe hivi: “Mtyela (pia Mtelya, kwingine Mbula Mtelya), mwana wa Kasanda, mtemi wa Urambo, aliyejulikana kama Mirambo, alifariki 1884.”