Sindano ni Sindano? Kabla Hawajaingia Wodini

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tuna mambo matatu ya wanafunzi wa uuguzi wanaokwenda wodini kwa mara ya kwanza: mipaka ya kazi, siri za mgonjwa, na simu. Festo, mbona umenuna?

FESTO: Jumapili jirani kanigongea mlango akiwa na mbuzi.

MWANAIDI: Haya, tumeanza.

FESTO: Mguu umevimba. "Daktari, mchome sindano." Nikamwambia, mzee wangu, mimi muuguzi, tena wa watu. Akanijibu, sindano ni sindano.

MWANAIDI: (anacheka) Wiki hii darasani nimeambiwa hivyohivyo! Niliwauliza: inchaji amebanwa, anakupa kichupa cha seftriaksoni gramu 1, anakwambia kamchome wa kitanda cha sita. Utafanyaje? Wengi wakasema wanaenda, si wameshamchoma mdoli?

FESTO: Mdoli hana mzio.

MWANAIDI: Na mbuzi wako hana faili. Nikawaambia twende taratibu. Ya mshipani unachanganya na maji ya sindano, mililita 10, unasukuma kwa dakika 2 hadi 4. Ya msuli watu huichanganya na lidokaini ili isiume sana. Sasa ukikuta kichupa kimeshachanganywa kwenye trei, utajuaje ni ipi? Ya lidokaini haiingii mshipani kamwe.

FESTO: Na dripu ya Ringa kwenye kanula hiyohiyo.

MWANAIDI: Ringa ina kalsiamu, ikikutana na hiyo dawa inafanya chembechembe. Haya yote mwanafunzi anaweza kuyajibu kwenye mtihani. Shida inaanza mgonjwa akishikwa na mzio katikati ya kusukuma: vipele, pumzi inabana, presha inashuka. Hapo unaacha dawa, unaita msaada, na mtu mzima anahitaji adrenalini miligramu 0.5 kwenye msuli wa paja. Mwanafunzi aliye peke yake ataanza kumtafuta sista.

FESTO: Mbuzi angekimbia.

MWANAIDI: Muache mbuzi! Halafu kuna sahihi. Kwenye chati inchaji anaandika amechoma yeye, kumbe mkono ulikuwa wa mwanafunzi. Inchaji ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mwanafunzi hana. Kikiharibika kitu, rekodi ni ya uongo, na Baraza litamuuliza mwenye leseni.

FESTO: Hapo sina neno. Lakini njoo wodini kwangu usiku. Wauguzi wawili, vitanda vimejaa, dozi ya saa sita haijatolewa. Nina mwanafunzi niliyemsimamia bega kwa bega mara kadhaa, mkono wake mzuri. Namwachia achome, mimi nipo kitanda cha pili.

MWANAIDI: Ukiwa kitanda cha pili unamtazama mgonjwa wa pili.

FESTO: Namsikia!

MWANAIDI: Presha unaisikia? Kwa anayekwenda mara ya kwanza, msimamizi asimame kando ya kitanda hichohicho, la sivyo sindano isichomwe.

FESTO: Basi dozi ichelewe saa tatu? Hilo nalo ni dhara, Mwanaidi.

MWANAIDI: Ichelewe, iandikwe kwamba imechelewa na kwa nini.

FESTO: Rahisi kusema ukiwa darasani.

MWANAIDI: Ndiyo maana nimewafanyisha igizo, nikawapa sentensi: "Sista, mshipani sijawahi kuchoma mgonjwa. Naandaa trei, twende wote nichome ukinitazama." Hajakataa kazi, ila hajaenda peke yake.

FESTO: Sentensi nzuri. Sista akisema "nenda bwana, acha maringo"?

MWANAIDI: Anaweka trei chini, anampigia mkufunzi wake.

FESTO: Na kitabu chake cha vitendo anasainiwa na nani mwisho wa mwezi? Na sista huyohuyo. Umemfundisha kugombana na mtu aliyeshika kalamu yake.

MWANAIDI: Kwa hiyo nimfundishe kutii?

FESTO: Mfundishe kupanda hatua kwa hatua. Akithibitishwa jambo fulani na msimamizi, wodi iandike kwamba hilo anaweza kulifanya msimamizi akiwa chumba kimoja naye.

MWANAIDI: Muhula wa kwanza? Sikubali.

FESTO: Mimi nawe hatutafika.

MWANAIDI: Hatufiki. Na jirani yako ulimwambia nini?

FESTO: Nilimpa namba ya mtaalamu wa mifugo. Kasema mimi naringa.

MWANAIDI: (anacheka) Sista wa mbuzi! Eh, natolewa ishara huku, dakika zimeisha. Siri za mgonjwa hatujagusa.

FESTO: Simu pia. Na nilikuwa nimeandika kabisa.

MWANAIDI: Wiki ijayo, bila mifugo. Lakini kitanda cha pili, Festo, hapana.

FESTO: Chumba kimoja, Mwanaidi. Chumba kimo—