Sindano, Bati na Silinda ya Edison

Ndugu zangu, kwanza sahauni umeme. Fonografu, mashine ya kurekodi sauti na kuirudia, ambayo fundi John Kruesi alimtengenezea Thomas Edison huko Menlo Park, New Jersey, mwishoni mwa 1877, haikuwa na waya hata mmoja. Nguvu yote ilitoka kwenye koo la msemaji na mkono wa mzungushaji.

Silinda ilikuwa ya shaba nyeupe, imechongwa mfereji mwembamba unaoizunguka kutoka ncha moja hadi nyingine. Juu yake ilifungwa karatasi nyembamba ya bati. Mhimili wake nao ulikuwa na hesi za nafasi ileile, hivyo kila silinda ilipozunguka ilisogea pembeni kidogo, na sindano ikabaki juu ya mfereji. Watu wengi hudhani mfereji ulikuwepo kwa ajili ya kuongoza sindano tu. Kazi yake kubwa ilikuwa kuacha uwazi chini ya bati, ili bati lipate pa kubonyea. Lingelalia shaba moja kwa moja, sindano isingeacha alama ya maana.

Ukisema mbele ya mdomo wa mashine, hewa hutikisa kiwambo kama ngozi ya ngoma iliyowambwa. Sindano iliyo nyuma yake hupanda na kushuka, ikiacha vishimo vya kina tofauti. Kusikiliza ni kurudi njia ileile: unarudisha silinda mwanzo, unaweka sindano ya pili yenye kiwambo chepesi zaidi, unazungusha. Sasa vishimo ndivyo vinavyoisukuma sindano, sindano inatikisa kiwambo, na kiwambo kinatikisa hewa.

Tupige hesabu. Silinda ya kipenyo cha sentimita 10, ikizunguka mara moja kwa sekunde, hupitisha kama sentimita 31 za bati chini ya sindano. Sauti yenye mitetemo 200 kwa sekunde itaacha kishimo kila milimita moja na nusu hivi. Hilo sindano inaliweza. Lakini mvumo wa “s” una mitetemo ya maelfu. Kwa mitetemo 4000, vishimo vingefuatana kwa nafasi isiyofika sehemu ya kumi ya milimita, na ncha butu huvifuta inapovichora. Ndiyo maana “s” ilipotea, msikilizaji akabaki kukisia neno.

Mkono nao ulileta taabu zake. Ukirekodi polepole kisha ukacheza kwa kasi mara mbili, sauti hupanda oktava nzima, na mzee akasikika kama mtoto.

Ubovu mkubwa zaidi ulikuwa bati lenyewe. Kila sindano ilipopita ilisawazisha vishimo, na baada ya kuchezwa mara chache maneno yalififia. Ukilivua, kulirudisha mahali pake barabara ilikuwa karibu muhali. Miaka ya 1880, wavumbuzi Chichester Bell na Charles Tainter waliacha kubonyeza bati, wakaifanya sindano ichonge nta. Edison naye akaifuata nta mwaka 1888.