Tangazo Lipi Linastahili Connects Zako

Habari za mchana, ndugu zangu. Nimeombwa nizungumzie Connects, zile tokeni tunazolipa kila tunapoomba kazi kwenye tovuti ya Upwork, na nitakaa kwenye jambo moja tu: ni tangazo lipi la kukaa chini ukaliandikia maombi kamili, na lipi la kulipita.

Connect moja ukiinunua ni dola 0.15, na tangazo moja linaweza kula Connects kumi na kitu. Uandike mstari mmoja au ukurasa mzima, unakatwa kiasi kilekile. Kwa hiyo siamini katika maombi mafupi ya kubahatisha. Umelipa nauli yote halafu unashuka njiani. Kwangu mimi ni mawili tu: maombi kamili, au situmi.

Wengi wetu tukifungua tangazo tunajiuliza, "Kazi hii naiweza?" Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kama mteja huyu ataajiri mtu yeyote yule. La pili ni kama atafika kwenye maombi yangu. Majibu ya yote mawili yapo pale pale kwenye ukurasa, ila tunayaruka kwa haraka ya kuandika.

Niwape mfano. Kuna siku nilikuwa nimebakiwa na Connects 20, na mbele yangu matangazo mawili ya Kiswahili. La kwanza, kutafsiri tovuti ya vipodozi, lilitaka Connects 16. La pili, kukagua manukuu ya video ya afya ya mama mjamzito, lilitaka 12. Yote mawili nisingeweza.

Yule wa vipodozi alikuwa ametangaza kazi 40, na Hire rate yake ni asilimia 20. Maana yake kazi 32 hazikupata mtu. Jumla aliyotumia ilikuwa dola 400. Gawanya kwa kazi 8, unapata dola 50 kila kazi. Sasa shuka chini. Proposals: 50+. Interviewing: 6. Last viewed by client: siku tatu zilizopita. Huyu alishapata watu wa kuzungumza nao, na hajarudi kutazama tena.

Tupige hesabu ya kukadiria. Uwezekano wa kuajiri ni mmoja kati ya watano, nami ni mmoja kati ya hamsini: nafasi moja kati ya 250. Kila jaribio ni dola 2.40. Kwa wateja wa namna hii ningetumia dola 600 kuipata kazi moja ya dola 50.

Wa pili alitangaza kazi 9 akaajiri kwenye 8. Proposals zilikuwa kati ya 5 na 10, Interviewing sifuri, na alikuwa ametazama dakika ishirini zilizopita. Tuseme tulikuwa wanane: nafasi yangu ni kama moja kati ya tisa. Jaribio moja ni dola 1.80, kwa hiyo tisa ni dola 16.20. Hapo ndipo swali la tatu linapoingia, na hapo ndipo nilipomaliza saa nzima ya jioni yangu.

Jambo moja linaweza kukuharibia hesabu hii. Teremka hadi kwenye historia ya mteja, usome maoni aliyoyaandika. Ukikuta jina lilelile limerudi mara nne kwenye kazi za aina hiyo, huenda mtu wake anaye tayari. Kwa huyu wa video, kila kazi ilikuwa na mtu tofauti.

Na mteja mpya, asiye na historia? Hapo ninasoma tangazo lenyewe. Aliyeandika "video ya dakika 12, faili la SRT, nalihitaji Alhamisi" anayo kazi mkononi. Aliyeandika "natafuta mtafsiri mzuri, kazi nyingi zinakuja" simpi Connects zangu, hasa kama njia yake ya malipo haijathibitishwa.

Turudi kwa yule wa video. Kwenye orodha ya maombi mteja anaona mistari michache tu ya mwanzo kabla ya kufungua, kwa hiyo sikujitambulisha. Alikuwa ameambatisha sampuli. Nilianza hivi: "Kwenye sekunde ya 40 manukuu yanasema 'kifafa', lakini daktari anazungumzia kifafa cha mimba. Mama atakayesoma atadhani ni ugonjwa mwingine." Kisha nikaonyesha sehemu nyingine mbili, nikataja bei na siku ya kukabidhi. Alijibu usiku ule ule, akiuliza kama naweza kukagua video zote sita.