Kwetu Simu Haikatwi, Inaagwa

REHEMA: Karibuni tena. Salim ameniletea karatasi ya mambo matano ya kufundisha leo kuhusu matapeli wa simu, lakini Salim, nina jambo la Jumanne. La shangazi.

SALIM: Shangazi wa Dallas? Yule wa maandazi ya iliki?

REHEMA: Huyohuyo, na ameniruhusu nisimulie. Nilikwenda kumrudishia sufuria yake. Nafika, nakuta amevaa viatu, mkoba begani, simu imo ndani ya mkoba na mtu yuko hewani. Ananionyesha kidole mdomoni, ninyamaze.

SALIM: Subhanallah.

REHEMA: Kompyuta iko wazi mezani na kipanya kinatembea chenyewe. Nikachomoa waya wa intaneti ukutani, kisha ndipo nikamsalimia.

SALIM: Rudi nyuma kidogo. Ilianzaje?

REHEMA: Barua pepe asubuhi. Jina la kampuni ya antivairasi, nembo yake, na ankara ya PDF: usajili wako umehuishwa kwa miaka mitatu, dola 399.99, zitakatwa ndani ya saa 24. Kama hukuomba, piga namba hii kufuta. Hakuna kiungo hata kimoja cha kubonyeza.

SALIM: Na hapo ndipo ujanja ulipo. Vichujio vya barua taka hutafuta viungo vibaya na mafaili yenye virusi. Barua hii haina cha kukamatwa, ina namba ya simu tu, tena mara nyingi imo ndani ya picha. Nimeona nyingine wameweka herufi O mahali pa sifuri, ili mashine isiisome kama namba. Mtego hauko kwenye barua, uko kwenye simu utakayopiga wewe mwenyewe.

REHEMA: Na ukishapiga wewe, unamwona yule ndiye anayekusaidia. Shangazi alimwita "mwanangu".

SALIM: Mwizi?

REHEMA: Mwanangu. Akamuuliza kama amekula.

SALIM: Akajibu nini?

REHEMA: Alisema bado, yuko zamu ndefu. Shangazi akamwonea huruma. Kwa saa mbili wamekaa kwenye simu, Salim! Nilipomuuliza, shangazi, kwa nini hukukata, akanitazama kama nimemtukana. "Nitamkatiaje mtu simu anaongea?"

SALIM: Ana haki. Kwetu simu haikatwi, inaagwa. Bibi yangu Tanga akiaga, anasalimia kwanza nyumba nzima, halafu majirani, halafu anakumbuka habari ya msiba, mnaanza upya.

REHEMA: Mama yangu akisema "haya basi", ujue bado robo saa.

SALIM: "Haya basi" ya kwanza ni ya kujipanga. Ya tatu ndiyo ya kweli.

REHEMA: Nasema kweli, huo ndio mlango waliopitia. Mzee wetu anaweza kumshuku mtu na bado asiweze kumkata. Tumekaa naye jioni nzima tukifanya mazoezi. Mimi napiga kutoka chumbani, yeye anapaswa kukata katikati ya sentensi yangu. Mara ya kwanza alisema, "Samahani mwanangu, naomba nikukatie, usinielewe vibaya, wasalimie wote."

SALIM: Hiyo ni barua, si kukata simu.

REHEMA: Mara ya sita ndiyo alikata. Akaja chumbani kuniomba radhi!

SALIM: Haya, na fedha? Zilifikaje kwenye viatu na mkoba?

REHEMA: Mwizi alimwambia apakue AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta ya mtu kutoka mbali, amsomee tarakimu zinazotokea, akubali. Hapo kompyuta ikawa ya mwizi. Akamfungulia dirisha jeusi, "fomu ya kurudishiwa", akamwambia aandike 400. Shangazi anaapa aliandika 400. Ikatokea 4,000. Yule mtu akaanza kulia: mama, umeongeza sifuri, nitafukuzwa kazi, nina watoto. Akamwambia aingie benki ahakikishe. Kioo kikawa cheusi kama dakika mbili. Kilipowaka, akaunti ya matumizi ina dola 4,812.

SALIM: Ilikuwa na ngapi?

REHEMA: 812. Kwa hiyo shangazi kaona kwa macho yake elfu nne zimeingia. Deni la 3,600 kwa kijana wa watu. Akaambiwa alilipe kwa kadi za zawadi, asimwambie mwenye duka ni za nini, na simu asiikate, aiweke mkobani.

SALIM: Na akaunti ya akiba?

REHEMA: Hilo ndilo nililofungua kwenye simu yangu nikiwa naye. Akiba ilikuwa 6,150. Sasa 2,150. Nikaandika nyuma ya kalenda: 812 na 6,150 ni 6,962. 4,812 na 2,150 ni 6,962. Hakuna senti iliyoingia kutoka nje. Kioo kilipokuwa cheusi alihamisha fedha zake mwenyewe, kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Shangazi alipoiona ile jumla alikaa chini na viatu vyake, hakusema kitu.

SALIM: Wengine hata hawahamishi, wanabadilisha tu maandishi ya ukurasa wa benki kwenye kioo. Ukiufungua kwenye simu nyingine, salio ni lilelile. Ndiyo maana mimi namwambia kila mzee: barua ikija, usipige, fungua benki uangalie. Hakuna makato, futa barua.

REHEMA: Hapana, Salim. Shangazi aliangalia! Hakukuta makato. Na barua inasema zitakatwa ndani ya saa 24. Kwake ilimaanisha bado ana nafasi ya kuzuia. Kanuni yako ndiyo iliyomharakisha.

SALIM: Basi asubiri zikatwe. Marekani, makato usiyoyatambua kwenye kadi unayapinga benki, una siku 60 tangu taarifa ya akaunti itumwe. Hakuna haraka yoyote.

REHEMA: Unamwambia mjane wa miaka 70 aache dola 400 zikatwe, alale?

SALIM: Hazitakatwa! Hawana kadi yake. Wana anwani ya barua pepe tu.

REHEMA: Wewe unajua hilo. Yeye ana kodi tarehe moja. Mimi namwambia neno moja: namba iliyo ndani ya barua haipigwi, ananipigia mimi.

SALIM: Na ukiwa zamu ya usiku hupokei? Atampigia anayepokea. Wale wanapokea daima.

REHEMA: Atasubiri asubuhi.

SALIM: Kumbe anaweza kusubiri.

REHEMA: Kunisubiri mimi si sawa na kusubiri kukatwa, Salim.

SALIM: Sikubaliani.

REHEMA: Wala mimi.

SALIM: ...Nimebakiwa na dakika mbili na karatasi yangu yote.

REHEMA: Soma moja.

SALIM: Yeyote aliyekwisha kumwingiza mtu kwenye kompyuta yake: zima intaneti, piga namba iliyo nyuma ya kadi ya benki, badilisha nywila kutoka kifaa kingine, siyo kompyuta ileile. Ya pili ilikuwa—

REHEMA: Muda. Kompyuta ya shangazi bado iko kwa fundi, na benki wamemfungulia akaunti mpya, kesho nampeleka kuchukua kadi. Jana alinipigia saa tatu usiku. Namba asiyoijua ilimpigia, akapokea, akasikia "kampuni ya", akakata.

SALIM: Bila kuaga?

REHEMA: Bila kuaga. Lakini alitaka kujua kama ni mimi nilikuwa namjaribu.