Saa ya Sindano: Mazungumzo na Wagonjwa Wapya wa Kisukari Wanaoanza Insulini

Ndugu zangu mlioanza sindano wiki hii, nanyi wazazi na wenza mliowasindikiza, leo nitazungumzia jambo moja: muda ambao dawa hii hufanya kazi mwilini baada ya kuchomwa. Wengi wetu tumezoea kidonge, ambacho mtu humeza na kukisahau. Insulini haisahauliki hivyo, kwa sababu ukiichoma saa moja asubuhi inaweza kukuangusha saa saba mchana, wakati ambapo huna tena habari nayo.

Tuanze na kichupa chenyewe. Zipo insulini ambazo ni angavu kama maji, na baadhi yake ni za muda mfupi. Ile ya kawaida ya muda mfupi huanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, hupata nguvu kubwa kati ya saa la pili na la nne, kisha hupungua. Ndiyo maana huchomwa nusu saa kabla ya kula, ili ikutane na chakula kinapoingia kwenye damu. Insulini ya muda wa kati ina rangi ya maziwa, kwa kuwa imefungwa na protini inayoizuia isiachiliwe yote kwa mara moja. Hiyo huanza taratibu baada ya saa moja au mbili, na nguvu zake huwa kubwa kuanzia saa la nne hadi la kumi au zaidi. Vichupa ambavyo wengi wenu mmepewa vimeandikwa 30/70, maana yake ni kwamba sehemu 30 kati ya 100 ni ya muda mfupi na sehemu 70 ni ya muda wa kati. Zipo pia insulini za kisasa za muda mrefu, ambazo baadhi yake ni angavu pia. Kwa hiyo msiitambue dawa kwa rangi peke yake. Someni jina kila mara.

Kichupa cha 30/70 kikikaa kimesimama, ile ya maziwa hutuama chini. Mtu asiyekichanganya huvuta dawa ya aina moja leo na ya aina nyingine kesho, huku mistari ya bomba ikionyesha uniti zilezile. Kizungusheni kati ya viganja mara kumi, kisha kipinduepindue mara kumi bila kukitikisa kwa nguvu, hadi rangi ifanane kote. Kikibaki na mabonge, au chembe nyeupe zikiganda kwenye ukuta wa chupa, dawa hiyo imeharibika na haifai kutumika.

Sasa mahali pa kuchoma. Tunachoma kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi: tumboni, umbali wa vidole viwili au zaidi kutoka kitovuni, sehemu ya nje ya paja, makalio upande wa juu, na nyuma ya mkono kati ya bega na kiwiko. Dawa ikiingia kwenye msuli hunyonywa haraka kuliko tulivyokusudia, kwa hiyo aliye mwembamba aishike ngozi kwa vidole viwili na kuinyanyua kidogo kabla ya kuchoma. Tumbo hunyonya insulini ya muda mfupi haraka kuliko paja. Paja nalo huongeza kasi iwapo mtu atatembea mwendo mrefu au kufanya kazi nzito baada ya kuchoma.

Niwape kisa cha kijana mmoja fundi ujenzi, kwa kuwa nilijifunza mengi kwake. Alikuwa akichoma uniti 24 asubuhi na 12 jioni, siku zote upande mmoja wa tumbo, kwa sababu hapo hapakuwa na maumivu. Kutokuwa na maumivu kulikuwa dalili yenyewe: ngozi ilishatengeneza kinundu laini chenye ukubwa wa tende, na insulini iliyoingia humo ilinyonywa kidogo tu na kwa mpangilio usiotabirika. Sukari yake ikabaki 15 na 16 mmol/L. Sisi tukamwongezea dozi hadi uniti 30 asubuhi, na hakuna aliyempapasa tumbo. Siku moja alipoambiwa na mwenzake abadilishe mahali, alihamia pajani kwenye ngozi safi kwa dozi ileile ya 30, kisha akaenda kubeba zege. Chakula cha mchana kilichelewa. Saa saba na nusu alianza kutokwa na jasho jembamba la baridi kivulini, mikono ikatetemeka, akashikwa na njaa ya ghafla na moyo ukawa unakwenda mbio. Baadaye kidogo maneno yakaanza kukwama na akamgombeza kila aliyemsogelea. Msimamizi alidhani amelewa. Alikuwapo mwenzake ambaye mama yake ana kisukari; huyo alimpa sukari kwanza, ndipo mashine ikatafutwa, ikaonyesha 2.8.

Tazameni mfuatano wa dalili hizo. Jasho, kutetemeka, njaa na mapigo ya moyo hutangulia, kwa sababu mwili unamwaga homoni za kuipandisha sukari. Kukwama kwa maneno, hasira, kuona ukungu na kuchanganyikiwa hufuata, kwa kuwa ubongo wenyewe sasa umekosa sukari. Mtu akifika hapo mara nyingi hukataa msaada, na nyumbani wengine husema amepandisha mashetani. Usiku dalili ni shuka zilizolowa jasho, ndoto za kutisha na kichwa kuuma asubuhi, kwani sindano ya saa moja jioni hupata nguvu kubwa kuanzia saa tano usiku hadi alfajiri.

Sukari ikiwa chini ya 4, au ukihisi dalili na huna mashine, koroga vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Chapati na maziwa huchelewa kufika kwenye damu, kwa hiyo si vya kuanza navyo. Subiri dakika 15, pima tena, na kama bado iko chini ya 4 rudia. Ikishapanda ndipo ule chakula chako. Mgonjwa akipoteza fahamu msimmiminie chochote mdomoni, kwani kitaingia kwenye mapafu; mlazeni ubavu na mumkimbize hospitali. Wala asiache insulini kesho yake kwa hofu. Alete daftari lake ili tupunguze dozi, kwa sababu kuiacha kabisa kunaweza kumwua, hasa mwenye kisukari cha aina ya kwanza.

Yule fundi tulimpunguzia uniti, tukampangia tumbo asubuhi na paja jioni, kila sindano ikae umbali wa kidole kimoja kutoka ile ya jana, na mahali penye kinundu paachwe kwa miezi kadhaa. Sasa hubeba pakiti ndogo ya sukari mfukoni mwa shati. Kabla hamjaondoka leo, kila mmoja apite kwa muuguzi apapaswe tumbo, kisha amwonyeshe kwa kidole ni wapi atachoma jioni hii na ni saa ngapi atakula.