Jumanne Kumi na Moja

MWALIMU: Karibuni tena wasikilizaji. Tupo Moshi, mvua ya masika inapiga bati, kwa hiyo mtuvumilie ikituzidi sauti. Mwenzangu ni fundi cherehani, ambaye wengi mnamfahamu kwa kipindi kilichopita.

FUNDI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Shajara umekuja nayo?

FUNDI: Nimekuja nayo pamoja na malalamiko. Mwezi wa pili ulinielekeza nipange swali moja kwa kila siku ya juma, nami nikaanzia Jumamosi kwa kuwa ndiyo mosi. Jumanne nikaipa swali hili: "Nani alinisaidia?" Juzi nimesoma Jumanne zote kumi na moja kwa mfululizo, na tisa kati yake zina jibu moja: mke wangu.

MWALIMU: Mke wako hana kosa. Kwanza umesoma ipasavyo, kwa sababu anayefuata tarehe hukutana na maswali saba tofauti na kudhani kwamba tafakuri yake ina uhai, ilhali anayesoma Jumanne tupu huona haraka palipochakaa. Ukiweza kubashiri jibu kabla ya kufungua ukurasa, swali hilo limekwisha kazi. Kilichokuponza ni kwamba swali lako halina mpaka wa muda: linauliza habari za maisha yako yote, na akili huchukua jibu lililo karibu. Liandike hivi: "Tangu Jumanne iliyopita, nani alinipunguzia kazi, na alifanya nini hasa?"

FUNDI: Hilo "hasa" litanisumbua.

MWALIMU: Ndiyo kazi yake. Hata hivyo, swali zuri nalo huzoeleka likiulizwa kila wiki. Kwa hiyo Jumanne ibaki kuwa siku ya watu, lakini iwe na maswali manne: nani alinipunguzia kazi, nani nilimkwepa, nani nilimsikiliza hadi mwisho, na nani ananidai neno. Jumanne ya kwanza ya mwezi, yaani inayoangukia kati ya tarehe 1 na 7, uliza la kwanza. Tarehe 8 hadi 14 la pili. Na kuendelea hivyo hadi tarehe 28. Siku nyingine nazo zifanye vivyo hivyo, na utakuwa na maswali 28, kila moja likikurudia mara 12 kwa mwaka.

FUNDI: Kwa nini yasiwe kumi kwa kila siku, ili nisichoke kabisa?

MWALIMU: Kwa sababu swali lingerudi baada ya wiki kumi, wakati umekwisha kusahau ulichojibu, na huwezi kulinganisha. Tunataka likae mbali kiasi cha kukushangaza, lakini si mbali kiasi cha kuwa geni.

FUNDI: Na miezi yenye Jumanne tano?

MWALIMU: Ipo minne au mitano kwa mwaka. Jumanne ya tano usijibu swali lolote. Soma zile nne zilizotangulia, kisha uandike sentensi moja juu yake.

FUNDI: Nina jambo la Jumatatu. Niliipa siku hiyo mada ya kazi, na Jumatatu ndipo wateja waliochukua nguo mwishoni mwa juma hurudi kulalamika kwamba suruali inabana. Ukisoma daftari langu utadhani sijui kushona.

MWALIMU: Huo ndio udhaifu mkubwa wa mpango huu, na watu wengi hawauoni. Siku yenyewe ina hali yake, na hali hiyo hujipenyeza katika jibu. Kila baada ya miezi mitatu sogeza mada zote mbele kwa siku moja, ili kazi ihamie Jumanne. Majibu yakibadilika mara moja, utajua kwamba Jumatatu ndiyo iliyokuwa ikisema.

FUNDI: Mwezi wa tatu tulikuwa na msiba Machame, nikaacha kuandika siku nne. Niliporudi nilizijaza zote kwa usiku mmoja.

MWALIMU: Na uliandika kweli?

FUNDI: Niliandika nilichodhani ningeliandika.

MWALIMU: Basi usilipe deni hilo tena. Faida ya kufuata siku za juma ni kwamba ukipotea hutafuti ulipoishia kama mwenye orodha ya namba. Ukiamka Alhamisi, unajibu la Alhamisi. Sasa, leo ni Jumanne ya tarehe 29. Fungua zile nne za Aprili.

FUNDI: Tarehe 1, mke wangu. Tarehe 8, mke wangu. Tarehe 15... hapa kuna jirani aliyeniazima sindano ya mashine usiku, sare za watoto zikiwa bado mezani. Tarehe 22, mke wangu.

MWALIMU: Sindano ulimrudishia?

FUNDI: Bado, Mwalimu. Nilikuwa nimesahau kabisa.