Magofu mawili, insha moja

Karibuni tena. Leo tunaingia kwenye swali linalowasumbua wengi: umepewa mashairi mawili yenye mada moja, uambiwe ulinganishe na kulinganua. Nimechagua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Nasir, wa mwanzoni mwa karne ya 19, na soneti ya Percy Shelley iitwayo Ozimandiasi, iliyochapishwa Januari 1818. Watunzi hawa hawakujuana, lakini wote wawili wanatazama magofu na kuuliza wako wapi waliojenga.

Makosa yanaanzia kwenye mpangilio. Mwanafunzi huandika kurasa mbili za Abdalla, kisha mbili za Shelley, halafu aya ya mwisho inasema yanafanana na pia yanatofautiana. Hizo ni insha mbili zilizobanwa pini. Ukitaka kujua kama yako ni ya namna hiyo, toa sehemu yote ya Shelley usome iliyobaki. Ikiwa ya Abdalla inasimama vizuri peke yake, hukulinganisha kitu.

Mimi napanga kwa hoja. Kila aya inabeba swali moja, na mashairi yote mawili yanalijibu humo humo. Kabla ya hapo, niwe na dai. "Yote yanahusu kupita kwa dunia" si dai, maana hiyo ndiyo mada tuliyopewa. Dai langu ni hili: Shelley anatufanya tumcheke aliyeanguka, Abdalla anatufanya tujione ndani ya waliokufa. Sentensi hiyo inanichagulia hoja. Vina na mizani vitaingia pale tu vinapoitumikia, kwa hiyo sihitaji aya ya "muundo" inayohesabu mishororo.

Hoja ya kwanza ni nani anasema na nani. Katika Ozimandiasi, msemaji amekutana na msafiri, msafiri amesoma maneno yaliyochongwa, na maneno ni ya mfalme. Mfalme anatufikia kupitia vinywa viwili, na umbali huo ndio unaoruhusu dhihaka. Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe: "Moyo wangu nini huitabiri!" Hakuna wa kati. Naiweka mwanzo kwa sababu hoja zinazofuata zinaiegemea.

Ya pili ni kilichobaki, na hapa ndipo penye utajiri. Nitawasomea aya yangu nzima:

"Washairi wote wawili wanaonyesha anguko kwa kutazama kilichobaki, ila Shelley anabakisha utupu na Abdalla anabakisha wakazi. Jangwani kuna miguu ya jiwe isiyo na kiwiliwili, uso uliozama nusu na maandishi ya majivuno, kisha mchanga usio na mwisho. Mji wa Pate anaoutazama Abdalla, kinyume chake, umejaa: 'Madaka ya nyumba ya zisahani / sasa walaliye wana wa nyuni / bumu hukoroma kati nyumbani.' Mchanga unamfuta mfalme asibakize hata mtu mmoja wa kumlilia. Kinda lililolala kwenye daka linaturudishia mwenye nyumba, kwa kuwa tunajua daka lile lilishika sahani na kuna mkono uliozipanga."

Tazameni aya ilivyojengwa. Sentensi ya kwanza inawataja wote wawili na tofauti yao. Ushahidi wa kila mmoja ni mfupi. Mwishoni sikusema "hivyo yanatofautiana". Nimesema tofauti inamfanyia nini msomaji. Na neno "kinyume chake" limestahili nafasi yake, maana mchanga na makinda vyote vinajibu swali moja. Wengi huandika "ilhali" kati ya mambo yasiyohusiana: Shelley anatumia kejeli ilhali Abdalla anataja popo. Hilo si linganisho.

Hoja ya tatu nitaipita haraka: shairi linakwenda wapi baada ya magofu. Shelley anasimama mchangani. Abdalla anaendelea hadi kaburini na motoni. Msiandike kwamba mmoja ni mtu wa dini na mwingine siye, mkaishia hapo. Hayo ni maelezo ya watunzi. Swali ni kwa nini shairi la Abdalla haliwezi kuishia kwenye bumu, yule bundi anayekoroma nyumbani. Rudini kwenye hoja ya kwanza: anayesemeshwa bado yu hai, bado ana la kuchagua. Mfalme wa Shelley hana tena.

Mtaniuliza kama nafasi lazima igawanywe nusu kwa nusu. Hapana. Soneti ina mishororo kumi na minne, Al-Inkishafi ina beti nyingi; dondoo za Abdalla zitazidi tu. Kisichokubalika ni aya inayomsahau mmoja wao.

Kufanana kwao mnaweza kukumaliza kwenye utangulizi kwa sentensi mbili. Sasa toeni karatasi. Andikeni sentensi ya kwanza ya aya kuhusu utajiri wa zamani: Abdalla anazo taa za kowa na za sufuri zilizofanya usiku uwe kama mchana. Mtafuteni Shelley ana nini cha kuweka upande wa pili.